Riba Niliyoiona Nikaiacha

Novemba 2021 niliandika neno "amekidhi" kwenye faili la mkopaji aliyekuwa amevunja masharti mawili makubwa ya mkopo wake. Hakuna aliyenidanganya. Tarakimu zote nilizohitaji zilikuwa mezani kwangu, nyingine zikiwa ndani ya mfumo wa benki yetu wenyewe, na moja kati ya hizo niliiona, ikanisumbua, nikaiacha ipite. Nalieleza jambo hili wazi kwa sababu aliyeumia hakuwa benki peke yake, na kwa sababu najua maafisa mikopo wengi wanakagua masharti kwa njia ile ile niliyoitumia mimi.

Mkopaji alikuwa kiwanda cha kusaga ngano jijini Dar es Salaam. Septemba 2020 benki ilikipa mkopo wa shilingi bilioni 6 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Bilioni 3.5 zilikwenda kwenye mitambo ya kusagia, na bilioni 2.5 zikaenda kujenga vihenge vya chuma vya kuhifadhi ngano. Mwaka wa kwanza kiwanda kililipa riba tu, bila kugusa mkopo wenyewe. Mbali na sisi, kilikuwa na ovadrafti ya bilioni 1.8 kwenye benki nyingine na mkopo wa malori wa milioni 700.

Mkataba uliweka masharti mawili ya kifedha, yapimwe kila mwisho wa robo mwaka kwa hesabu za miezi 12 iliyopita. La kwanza lilisema faida kabla ya riba na kodi isipungue mara 2.5 ya riba. La pili lilisema deni lisizidi mara 1.5 ya mtaji wa wenye kampuni. Sharti la kwanza linamwambia mkopeshaji kama biashara inazalisha vya kutosha kulipia gharama ya deni lake na kubaki na nafasi ya kupumua. La pili linamwambia ni fedha za nani zitakazoanza kuungua biashara ikiharibika, za mwenye mali au za benki.

Kila robo mwaka kiwanda kilituletea cheti cha utekelezaji wa masharti, kimesainiwa na mhasibu mkuu na mkurugenzi. Cheti cha tarehe 30 Septemba 2021 kilionyesha faida kabla ya riba na kodi ya bilioni 3, na riba ya bilioni 1. Tatu gawanya kwa moja ni tatu, na sharti ni 2.5, kwa hiyo amekidhi. Deni lilikuwa bilioni 8.5 na mtaji bilioni 6.2, uwiano wa 1.37, na sharti ni 1.5. Amekidhi tena. Nikaingiza tarakimu kwenye jedwali langu la kompyuta, visanduku vyote viwili vikageuka kijani. Nikalinganisha faida na riba na taarifa ya mapato na matumizi iliyoambatanishwa, zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Nikasaini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwamba sikuufungua mkataba. Lile jedwali nililitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mkopaji mwingine kabisa, ambaye mkataba wake uliitafsiri riba kuwa ile iliyoandikwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi, basi. Mkopo wa kiwanda ulipotoka, nililinakili, nikabadilisha jina la mteja na viwango vya masharti. Fomu ya cheti tuliyompa mhasibu aijaze nayo niliitoa kwenye jedwali hilo hilo. Kwa hiyo mhasibu alipoandika bilioni 1, alijaza nafasi tuliyomwekea sisi, na aliijaza kwa usahihi.

Mkataba wake ulisema jambo jingine. Kifungu cha tafsiri kiliandika kwamba riba ni riba yote na ada zote za mikopo kwa kipindi cha miezi 12, iwe imeingizwa kwenye matumizi ya mwaka au imeongezwa kwenye gharama ya mali. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba uzito wote. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 23 kinaitaka kampuni inayojenga kwa mkopo mali inayochukua muda mrefu kukamilika iichukue riba ya mkopo huo na kuiongeza kwenye gharama ya mali, mpaka mali iwe tayari kutumika. Vihenge vilikuwa bado vinajengwa. Riba ya bilioni 2.5 kwa asilimia 16 ni milioni 400 kwa mwaka, na milioni 400 hizo hazikupita kabisa kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Zilikaa kwenye mizania, ndani ya thamani ya vihenge, na mhasibu alifanya kama kiwango kinavyomtaka.

Lakini fedha zilitoka. Benki haiachi kudai riba kwa sababu mhasibu ameiandika ukurasa mwingine. Riba ya kweli ya miezi 12 ilikuwa bilioni 1.4. Bilioni 3 gawanya kwa 1.4 ni 2.14, chini ya 2.5. Ili kulikidhi sharti, kiwanda kilihitaji faida ya bilioni 3.5, na hakikuwa nayo. Pengo lilikuwa nusu bilioni.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyo ngumu zaidi kwangu kuisema. Ningeweza kukomea kwenye jedwali lililonakiliwa, watu wakanielewa, kwa kuwa kunakili ni kosa la kila ofisi. Wiki ile ile ya Novemba, nikifuatilia jambo jingine, nilifungua akaunti ya kiwanda kwenye mfumo wetu, nikaona jumla ya riba tuliyokata sisi wenyewe kwa miezi ile 12: milioni 960. Cheti kilisema riba yote ya kiwanda, kwa wakopeshaji wote, ni bilioni 1. Zilibaki milioni 40 kwa ovadrafti na mkopo wa malori, madeni yenye jumla ya bilioni 2.5. Hiyo ni chini ya asilimia 2 kwa mwaka. Hakuna anayekopesha shilingi kwa bei hiyo, na afisa mikopo yeyote anajua hivyo kabla hajamaliza kusoma sentensi.

Niliiona. Nakumbuka niliandika milioni 960 pembeni ya cheti kwa penseli. Kisha nikajiambia labda ovadrafti ilitumika kidogo, labda kuna tofauti ya tarehe, labda wakaguzi watarekebisha mwisho wa mwaka. Ripoti ya robo mwaka ilikuwa inasubiriwa na kamati ya mikopo. Kiwanda hakikuwahi kuchelewa kulipa hata mara moja. Na ukweli uliokuwa chini ya hayo yote ni kwamba niliogopa kumkera mteja mkubwa kwa swali ambalo lingesikika kama namtuhumu. Nikafuta ile penseli.

Hesabu niliyoikwepa ni nyepesi, na haihitaji siri yoyote ya kampuni. Unachukua deni la wastani la kipindi, unalizidisha kwa kiwango cha riba, halafu unalinganisha jibu na riba iliyo kwenye cheti. Bilioni 8.5 kwa asilimia 16 ni bilioni 1.36. Ongeza ada, unakaribia 1.4. Cheti kinaposema 1, tofauti ya bilioni 0.4 lazima iwe mahali fulani, na kwa kampuni inayojenga, mahali pa kwanza pa kutazama ni gharama ya kile inachokijenga. Taarifa ya mtiririko wa fedha ingenijibu pia, kwa maana riba iliyolipwa huonyeshwa humo yote, iwe imeandikwa kama matumizi au imeongezwa kwenye mali. Ya kiwanda ilionyesha bilioni 1.38. Ilikuwa kurasa chache mbele ya ile niliyosoma, ndani ya bahasha moja.

Sharti la pili nililikosea kwa namna nyingine, na hapa sikuona lolote, maana sikutazama. Katika mtaji wa bilioni 6.2, hisa zilikuwa bilioni 2 na faida zilizolimbikizwa bilioni 2.6. Bilioni 1.6 zilizobaki ziliandikwa kwenye cheti kama "fedha za wanahisa". Zilikuwa mkopo ambao mzee mwenye kiwanda alikikopesha kiwanda chake. Ni kawaida kwa kampuni za familia. Mwenye mali hataki kuongeza hisa kwa sababu fedha ya hisa haitoki kwa urahisi, kwa hiyo anaikopesha kampuni na kubaki na njia ya kuichukua.

Na njia hiyo ndiyo inayoleta mashaka. Mkataba wetu ulisema mkopo wa mwanahisa ni deni kama madeni mengine, isipokuwa mwanahisa asaini hati ya kukubali kulipwa baada ya benki kumaliza kulipwa. Hati hiyo haikuwahi kusainiwa. Tena maelezo ya hesabu za mwaka uliotangulia yalitamka wazi kwamba mkopo huo hulipwa mwanahisa anapoudai, na kwamba salio lake lilikuwa bilioni 2. Kutoka bilioni 2 kufika 1.6 maana yake ni kwamba milioni 400 zilikwisha kumrudia mzee. Mtaji halisi hauondoki hivyo. Ukipungua bila hasara na bila gawio kutangazwa, kilichopungua hakikuwa mtaji.

Ukiuhamisha mkopo huo, unaupiga uwiano pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hili watu wengi hulisahau. Mtaji unashuka hadi bilioni 4.6. Deni linapanda hadi bilioni 10.1. Uwiano unakuwa karibu 2.2, wakati sharti ni 1.5. Kutoka 1.37, yenye kutuliza roho, hadi 2.2, kwa kiasi kimoja cha fedha kilichoandikwa upande usio wake.

Lililofuata lilitokea Machi 2022. Mwaka wa hesabu wa kiwanda uliishia tarehe 31 Desemba. Wakaguzi wa hesabu wa kiwanda walituandikia kuomba tuthibitishe salio la mkopo na kama masharti yalikuwa yametimizwa. Niliandaa jibu kwa kutumia jedwali lile lile. Kabla halijasainiwa, mmoja wa wakaguzi alinipigia simu. Alikuwa ameusoma mkataba kifungu kwa kifungu na kupiga hesabu upya kwa tarehe ya Desemba, akaona hali ni ile ile ya Septemba. Aliniuliza kwa upole, "Kaka, riba ya vihenge mmeiweka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilifungua mkataba wakati huo huo, yeye akiwa bado kwenye simu, nikasoma kifungu ambacho nilitakiwa kukisoma mwaka mmoja na nusu nyuma.

Mtu wa nje anaweza kudhani kwamba kuanzia hapo ni suala la barua. Benki haikutaka mkopo wake urudishwe, kiwanda kilikuwa kinalipa, kwa nini tusisamehe tukaendelea? Tulisamehe. Kamati iliidhinisha barua ya msamaha mwezi Aprili. Lakini barua hiyo haikuweza tena kuokoa hesabu za mwaka, na sababu yake ni tarehe tu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 1 kinasema kampuni ikivunja sharti siku ya mwisho wa mwaka au kabla yake, na uvunjaji huo ukampa mkopeshaji haki ya kudai mkopo papo hapo, basi mkopo wote huandikwa kuwa deni la muda mfupi, hata kama mkopeshaji atakubali baadaye kutoudai. Kinachohesabiwa ni haki ya kuahirisha malipo aliyokuwa nayo mkopaji usiku wa tarehe 31 Desemba. Usiku ule hakuwa na barua yoyote mkononi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeandika "amekidhi".

Kwa hiyo mkopo wa miaka saba ukahamia kati ya madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Madeni ya muda mfupi ya kiwanda yaliruka kutoka bilioni 4 hadi zaidi ya 9, na mali za muda mfupi zilikuwa bilioni 5.5. Mtu anayesoma mizania ile bila kujua habari za nyuma anaona kampuni isiyoweza kulipa madeni yake. Benki ya ovadrafti ilisoma hivyo, ikakataa kuongeza kiwango. Muuzaji wa ngano aliyekuwa akisubiri siku 90 alitaka alipwe kabla meli haijapakia.

Na ulikuwa mwaka 2022. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraina tarehe 24 Februari, na bei ya ngano duniani ilikuwa imepanda vikali. Viwanda vya Dar es Salaam vinategemea sana ngano inayoshushwa bandarini, kwa hiyo kila msagaji alihitaji fedha nyingi zaidi kununua tani zile zile. Kiwanda hiki kilihitaji mkopo wa muda mfupi kuliko wakati wowote, na mizania yake ilikuwa inawafukuza wakopeshaji. Kiliuza baadhi ya malori ili kulipia shehena moja. Kwa miezi kadhaa kilisaga zamu moja badala ya mbili, na vibarua wa zamu ya usiku wakaambiwa wasubiri kuitwa. Siwezi kusema yote hayo yalitokana na saini yangu, kwani bei ya ngano ingewaumiza hata hivyo. Ninachojua kwa hakika ni kwamba waliingia kwenye dhoruba wakiwa wamefungwa mkono, na fundo nililifunga mimi.

Linalonirudia zaidi ni jinsi tiba ilivyokuwa karibu. Chukua hesabu za Septemba. Kama ningemuuliza mhasibu mwezi wa Novemba, mzee angeombwa kusaini hati ya kukubali kulipwa nyuma ya benki na kuacha kuchukua fedha zaidi. Kwa hati hiyo, bilioni 1.6 zingehesabiwa kihalali kuwa mtaji, na uwiano ungerudi kwenye 1.37. Tarakimu ile niliyoipitisha kimakosa ingekuwa kweli kwa saini ya mtu mmoja. Mzee alipoombwa Aprili, alisaini bila kubishana. Alishangaa tu kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Sharti la riba lisingeponywa kwa saini. Lakini lilikuwa na maelezo yanayoeleweka: vihenge vilikuwa vinakula riba kabla ya kuleta mapato. Hicho ni kipindi ambacho mkopeshaji anaweza kukipima, na kamati ya mikopo husikiliza maombi ya aina hiyo. Ingeweza kushusha sharti kutoka 2.5 hadi 2 mpaka vihenge vianze kazi, kwa ada ndogo na taarifa za kila mwezi. Ombi likipitishwa na barua kutoka kabla ya tarehe 31 Desemba, likisimamisha haki yetu ya kudai kwa angalau miezi 12 baada ya hapo, mkopo ungebaki kati ya madeni ya muda mrefu. Nilikuwa na wiki sita za kufanya hivyo.

Nilikwenda kiwandani mwenyewe kumweleza mhasibu mkuu. Nilimwambia yote, pamoja na ile penseli, kwa sababu nilijua amekuwa akihojiwa na mkurugenzi wake kama alificha riba, na haikuwa haki abebe hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbona hukuniuliza, kaka? Ningekwambia siku ile ile." Sikuwa na utetezi. Niliandika maelezo kwa mkuu wangu wa kazi yenye habari hizo hizo, nikaomba nakala iwekwe kwenye faili la kiwanda, na barua yetu kwa mkurugenzi wake ikatamka kwamba fomu yenye kasoro ilitoka benki.

Kisha nilivuta mikataba yote iliyokuwa ikikaguliwa kwa jedwali langu, nikaisoma vifungu vya tafsiri kabla ya kitu kingine. Hakuna mikataba miwili iliyofanana kabisa. Mmoja uliondoa kwenye mtaji ongezeko la thamani ya ardhi linalotokana na tathmini mpya, mwingine ulilikubali. Mmoja ulipima faida baada ya kurudisha gharama ya uchakavu, na kwa kampuni yenye mitambo mingi hilo peke yake linaweza kuupandisha uwiano kutoka kuvunja hadi kutimiza. Tangu hapo kila mkopaji ana ukurasa wake wa hesabu, na juu ya ukurasa huo yamenakiliwa maneno ya mkataba wake mwenyewe. Chini yake kuna mistari miwili ninayoijaza kabla sijatazama cheti: deni la wastani mara kiwango cha riba, na riba iliyolipwa kwenye mtiririko wa fedha. Zikiachana na cheti kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi, ninapiga simu, na simu hiyo naipiga siku ile ile.

Kati ya wale wakopaji mmoja alikuwa kwenye hali ya kiwanda karibu kabisa. Anajenga ghala, riba ya ujenzi imeingia kwenye gharama ya ghala, jedwali langu limempa 2.9, na kwa mkataba wake alikuwa anaelekea 2.3 dhidi ya sharti la 2.5. Mwaka wake wa hesabu ulikuwa unaishia tarehe 30 Juni, na ilikuwa katikati ya Mei. Nilimpigia mhasibu wake, akanithibitishia ndani ya saa moja, na ombi likaingia kamatini wiki iliyofuata. Barua ya msamaha ilisainiwa kabla ya tarehe hiyo, na mkopo ukabaki mahali pake kwenye mizania.